Limiti ya kadi ya binti ni 20,000, mbona taarifa inasema 23,150?

"Mimi ndiye mwenye kadi mkuu, limiti ya akaunti ni 100,000. Binti yangu anasoma mbali, nikamchukulia kadi ya nyongeza na kuiwekea limiti ya 20,000 kwa mwezi. Taarifa iliyofungwa tarehe 20 inaonyesha kadi yake imetumia 23,150, na deni lote ni 78,400. Kwa hesabu yangu nilibakiwa na 21,600. Tarehe 22 nikataka kulipia kitu cha 9,000, kadi yangu ikakataliwa mbele za watu. Benki inamruhusuje mtoto avuke limiti halafu inikatalie mimi? Tena kwenye matumizi yake kuna muuzaji nisiyemjua, binti naye hamkumbuki, na hakuna popote palipoandikwa alinunua nini. Nakutumia taarifa na orodha ya miamala ninayoiona kwenye simu. Namba nimezifuta, nimeacha tarakimu nne za mwisho tu."

Mzazi mwenzangu, usimpigie binti simu ya ukali kwanza. Nimepitia karatasi zako mstari kwa mstari, na kwa jinsi kompyuta ya benki inavyohesabu, hakuvuka limiti. Alifika 19,870. Ile 23,150 ni ya kweli pia, na utalipa yote, lakini namba hizo mbili hazijibu swali moja. Nilikaa miaka mingi kwenye dawati la malalamiko ya kadi, na nusu ya wazazi waliokuja na taarifa mkononi walikuwa wamekwama hapo hapo.

Tuanze na kadi yenyewe. Kadi ya nyongeza haina akaunti yake. Ni ufunguo wa pili wa mlango ule ule: akaunti ni moja, mkataba ni mmoja, deni ni moja, na jina lililo juu ya deni ni lako. Ulipoweka limiti ya 20,000 hukumtengea binti 20,000 pembeni. Kama wewe ungemaliza laki yote, kadi yake ingekataliwa hata kama hajanunua pipi. Wala laki yako haikuwa laki na ishirini. Ile 20,000 ni kizuizi kilichowekwa ndani ya laki, kinachoiambia kompyuta kwamba kadi hii isipite hapa hata kama akaunti bado ina nafasi.

Kwa hiyo binti anapogusisha kadi dukani, maswali mawili huulizwa kwa sekunde moja. La kwanza, je, akaunti nzima ina nafasi? La pili, je, kadi hii bado iko ndani ya kizuizi chake? Yote mawili yakijibiwa ndiyo, benki hutoa idhini. Moja likijibiwa hapana, muamala umekataliwa, na muuzaji haambiwi ni lipi. Wakati mwingine risiti ya mashine huwa na namba ya sababu: 51 maana yake kwa kawaida ni salio halitoshi, na 61 ni kiasi kimezidi kiwango kilichowekwa. Kadi ya binti ikikataliwa, mwambie akupigie picha hiyo risiti, inaweza kukuokolea safari. Usiitegemee sana, kwa sababu zipo benki zinazotoa 51 kwa sababu zote mbili.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo linalofungua fumbo lako: limiti huhesabiwa siku ya idhini, taarifa huhesabiwa siku muamala unapoingizwa kwenye akaunti. Siku hizo mbili mara nyingi hazilingani. Ukinunua leo, idhini inatoka leo, na nafasi inapungua papo hapo. Lakini muuzaji hukusanya mauzo yake na kuyapeleka benki kwake baadaye, kisha yanapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard hadi benki yako, na ndipo yanapoingizwa. Kawaida huchukua siku moja hadi tatu. Wauzaji wengine huchelewa wiki. Kuanzia idhini hadi kuingizwa, muamala unaitwa unaosubiri. Umeshakula nafasi yako, ila kwenye taarifa haumo.

Tazama taarifa yako tena. Kila mstari una tarehe mbili, na watu wengi huisoma moja. Ya kushoto ni siku ya manunuzi, ya pili ni siku ya kuingizwa. Kwenye kundi la kadi ya binti, mstari wa kwanza kabisa ni wa 2,600. Ulinunuliwa tarehe 19 ya mwezi uliopita na ukaingizwa tarehe 22. Mzunguko wako, yaani mwezi wa hesabu wa kadi, hufungwa tarehe 20. Maana yake idhini ilitoka ndani ya mzunguko wa zamani, na kizuizi cha mwezi ule ndicho kilichoibeba. Kuingizwa kulitokea mzunguko mpya ukiwa umeshaanza, ndiyo maana imeangukia kwenye taarifa hii. Toa 2,600 kwenye 23,150, unabaki na 20,550.

Bado tuko juu ya 20,000. Shuka hadi ule mstari wenye sarafu mbili. Orodha ya simu uliyonitumia inaonyesha benki iliidhinisha 6,000, na taarifa inaonyesha 6,180. Hapo muuzaji hana kosa. Manunuzi ya sarafu ya kigeni hukadiriwa siku ya idhini na hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kuchakatwa, halafu benki huongeza ada yake ya kubadilisha fedha. Hiyo 180 iliongezeka baada ya kizuizi kuwa kimeshasema ndiyo. Tunafika 20,370.

Iliyobaki ni 500 kutoka shirika la ndege, siku aliyosafiri. Mashine za ndani ya ndege mara nyingi hazina mawasiliano na benki wakati wa kuuza. Huhifadhi muamala na kuutuma ndege ikishatua, na baadhi ya wauzaji huupeleka moja kwa moja kama mauzo yaliyokamilika, pasipo kuomba idhini. Kizuizi hakikuulizwa, kwa hiyo hakikuweza kukataa. Toa 500, unapata 19,870. Hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta ya benki iliiona.

Uhusiano wa benki na kizuizi hiki unafaa kuujua mapema. Mikataba mingi husema waziwazi kwamba limiti ya kadi ya nyongeza ni huduma ya kukusaidia kudhibiti, na wala si kikomo cha wajibu wako. Kilichopita juu yake kwa njia kama hizi tatu ni chako vilevile. Nimewahi kuona mzazi akigoma kulipa sehemu iliyozidi kwa hoja kwamba benki "ilikosea kuruhusu". Benki haikupunguza hata senti, na riba ikaendelea kukimbia juu ya alichokigomea.

Twende kwenye aibu ya tarehe 22. Hesabu yako ya laki kutoa 78,400 ilikuwa sahihi kwa usiku wa tarehe 20, pale taarifa ilipofungwa. Taarifa ni picha, na picha haikui. Kwanza tuipange ile 78,400, maana ina kitu ulichokipita: matumizi ya kadi yako ni 54,450, ya binti ni 23,150, na kuna mstari wa 800 chini ya namba ya kadi yake ambao ni ada ya mwaka ya kadi ya nyongeza. Ada hiyo haiingii kwenye kizuizi chake lakini inaingia kwenye deni lako. Riba ingekuwepo ingekaa upande wako pia, hata kama imesababishwa na manunuzi yake, kwa sababu riba hutozwa akaunti na haitozwi kadi.

Baada ya picha kupigwa, mambo mawili yalitokea. Tarehe 21 wewe mwenyewe ulinunua kitu cha 1,900. Siku hiyo hiyo binti aliingia hotelini kwa safari ya masomo, na hoteli ikaweka zuio la 12,000, yaani kiasi kinachoshikiliwa kwenye nafasi yako hadi bili halisi itumwe. Zote mbili zipo kwenye orodha ya simu chini ya neno PENDING, yaani zinazosubiri, na hazimo kwenye taarifa. Laki moja, toa 78,400, toa 12,000, toa 1,900: nafasi iliyobaki ni 7,700. Ukaomba 9,000. Swali la kwanza kati ya yale mawili likajibiwa hapana.

Hapa utauliza, na ni haki yako kuuliza: binti aliyemaliza karibu 20,000 yake alipataje zuio la 12,000? Jibu ndilo sehemu ya kadi hizi ambayo sijui kwa nini benki haziiandiki kwa herufi kubwa. Kizuizi chako ni cha mzunguko. Tarehe 21 alfajiri kilirudi sifuri, naye akapata 20,000 nyingine nzima. Deni lake la mzunguko uliopita halikurudi sifuri. Lilibaki ndani ya laki, likisubiri ulipe. Yaani kati ya siku ya kufunga na siku unayolipa, kadi yenye limiti ya 20,000 inaweza kuwa imekalia 40,000 ya akaunti yako bila kuvunja kanuni yoyote. Kwako tarehe 22 ilikuwa imekalia 35,150 bila kuhesabu ile ada: 23,150 za zamani na 12,000 mpya.

Zipo benki zinazohesabu tofauti. Kwao kizuizi hufuata deni lililobaki la kadi hiyo, hakijali mwezi. Binti akitumia 20,000 anasimama hapo hadi deni lilipwe, na likilipwa nafasi inarudi hata katikati ya mwezi. Mtindo huo hukulinda zaidi wewe, ila humsumbua zaidi yeye, kwa sababu ukichelewa kulipa anakwama akiwa mbali. Ili kujua benki yako hutumia upi, usiulize "limiti yake ni kiasi gani". Uliza hivi: "Tukilipa leo, kadi ya nyongeza inapata nafasi leo au inasubiri mzunguko mpya?" Jibu la leo ni mtindo wa deni. Jibu la kusubiri ni mtindo wa mzunguko. Kwako tunalijua tayari, kwa sababu zuio la hoteli lilipita kabla hujalipa chochote.

Hilo linagusa pia malipo. Malipo huenda kwenye akaunti, hayaendi kwenye kadi. Kwenye taarifa utayaona mara moja tu, kwa kawaida chini ya namba ya kadi yako, hata kama aliyetuma fedha ni binti. Watoto wengi hutuma fedha katikati ya mwezi wakitarajia kadi yao ifunguke, halafu wanashangaa inakataliwa tena. Fedha ilifika, deni la akaunti lilipungua, nafasi yako ikaongezeka. Kizuizi cha kadi yao cha mzunguko huo hakikusogea. Fedha ya kurudishiwa bidhaa hufanana na hapo: hurudi kwenye kadi iliyonunua na utaiona kwenye kundi la kadi hiyo, lakini si lazima irudishe nafasi kwenye kizuizi cha mwezi.

Kuhusu muuzaji asiyejulikana. Jina linaloonekana kwenye taarifa linatoka kwa muuzaji, kama alivyolisajili kwenye benki yake. Mara nyingi huwa jina la kampuni mama au la usajili wa biashara, ambalo halipo popote kwenye bango la duka. Nafasi ya jina nayo ni finyu, herufi kama 25 hivi, kwa hiyo jina refu hukatwa katikati. Biashara ndogo zinazopokea malipo kupitia kampuni ya kati hutanguliwa na alama ya kampuni hiyo na nyota. Ukiona PAYPAL * au SQ * mwanzoni, muuzaji halisi ni kile kinachofuata baada ya nyota. Mstari wako una nyota ya namna hiyo, na mji ulioandikwa ni wa makao ya kampuni, si mahali binti alipokuwa. Mpe binti vitu viwili tu: kiasi kamili hadi senti, na tarehe ya kushoto. Atafute barua pepe zake za siku hiyo. Kiasi hukumbusha kuliko jina. Nadhani ni malipo ya kujirudia ya huduma ya mtandaoni, kwa sababu kiasi hicho hicho kipo kwenye taarifa ya mwezi uliotangulia, siku ile ile ya mwezi.

Alinunua nini, taarifa haitakuambia, na benki yenyewe haijui. Kinachosafiri kwenye mtandao wa kadi ni jina la muuzaji, mji, nchi, kiasi, sarafu, na namba ya tarakimu nne inayosema aina ya biashara. Orodha ya bidhaa hubaki kwenye mashine ya duka. Programu za simu za baadhi ya benki huandika "vyakula" au "usafiri" kando ya mstari kwa kutumia ile namba ya tarakimu nne, na hilo limeleta ugomvi mwingi usio na sababu nyumbani: duka kubwa linalouza madaftari na viatu linaweza kusajiliwa kama duka la vyakula. Usimhukumu mtu kwa neno hilo. Tiketi za ndege ndizo huenda mbele kidogo, kwani wakati mwingine taarifa huonyesha jina la msafiri na safari yenyewe.

Binti naye haoni ya kwako. Kwa benki nyingi mwenye kadi ya nyongeza huona miamala ya kadi yake peke yake, ikiwa amepewa njia ya kuona chochote. Taarifa nzima ni ya mwenye kadi mkuu. Una bahati kwamba kadi zenu zina namba tofauti na benki hupanga matumizi kwa kila kadi na jumla yake ndogo. Zipo benki zinazochanganya yote kwa tarehe, na zipo zinazotoa kadi mbili zenye namba moja, ambapo kutenganisha nani alinunua nini ni kazi ya kukaa mezani na risiti. Ukibadilishiwa kadi iliyopotea katikati ya mwezi, usishtuke kuona makundi matatu: kadi iliyofungwa hubaki na mistari yake ya zamani, kadi mpya huanza na tarakimu zake.

Kuna njia mbili tatu za kuendelea, na hakuna iliyo bure. Ukibaki na mtindo wa mzunguko, weka limiti ukijua kwamba unaikopesha mara mbili. Ikiwa unachoweza kubeba kwa wakati wowote ni 20,000, iandike 10,000. Hapo lakini zuio la hoteli la 12,000 lisingepita, na binti angesimama mapokezi usiku. Njia ya pili ni kulipa deni la kadi yake mapema, siku chache baada ya kufungwa badala ya kungoja siku ya mwisho. Huzuii chochote, ila unafupisha kipindi ambacho mizunguko miwili inakaa juu ya laki yako kwa pamoja. Mimi ningeanza na hii, haihitaji ruhusa ya mtu. Halafu zima kwenye kadi yake kile ambacho hahitaji, hasa kutoa fedha taslimu kwenye mashine, kwa sababu fedha hiyo kwa kawaida hutozwa ada na riba huanza siku ile ile.

Njia ya tatu ni kumpa kadi ya kulipia kabla au akaunti yake ya kawaida yenye kadi, na wewe umtumie fedha kila mwezi. Hapo kilichowekwa ndicho kikomo kwa karibu kila hali, na aibu ya tarehe 22 haiwezi kukufuata. Utapoteza kuona matumizi yake yote kwenye karatasi moja, na hoteli nyingi na kampuni za kukodisha magari huzikataa kadi hizo au huzuia fedha halisi iliyomo, ambayo mwanafunzi ataihitaji kwa chakula. Kwa mtoto anayesafiri, bado ninaona kadi ya nyongeza ni bora. Kwa mtoto anayekaa mahali pamoja, ningempa akaunti yake.

Nenda benki ana kwa ana, usiishie kwenye simu, ikiwa binti ataangalia barua pepe zake na bado hautambui muamala ule. Nenda naye au uwe na maelezo yake ya maandishi, kwa sababu swali la kwanza litakuwa: kadi ilikuwa mikononi mwa nani? Ninyi wawili mkiwa na majibu tofauti, dai linakufa hapo. Ukisema "sikununua mimi" kwa kitu alichonunua yeye, benki haitaliita wizi, maana wewe ndiye uliyempa kadi. Muda wa kupinga umeandikwa nyuma ya taarifa yako, nao ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Nenda pia siku utakapotaka kuifunga kadi yake kabisa. Kuirudisha plastiki hakutoshi: omba waondoe kadi iliyohifadhiwa kwenye simu yake, na waulize kuhusu malipo ya kujirudia, kwa kuwa mtandao wa kadi unaweza kumpelekea muuzaji namba mpya bila ninyi kujua, au muuzaji akaendelea kutoza akaunti.

Na kuhusu ile 9,000 yako. Jambo la haraka zaidi ni kulipa sehemu ya 78,400 sasa. Hata 10,000 ikiingia, nafasi yako inafika 17,700, ingawa benki nyingine huchukua siku moja kuionyesha. Zuio la hoteli litaondoka lenyewe hoteli ikituma bili halisi kwa kutumia idhini ile ile ya mwanzo. Shida hutokea mhudumu anapotoza bili kama muamala mpya: tuseme bili ni 9,300, basi zuio la 12,000 na bili ya 9,300 hukaa pamoja, 21,300, na kizuizi cha binti kinaikataa bili palepale kaunta. Mwambie siku ya kuondoka aombe kwa maneno haya: "Funga bili kwenye idhini mliyoweka nilipoingia." Kama ameshaondoka na zuio bado lipo baada ya wiki, apige hoteli na kuomba waliachie, na awe na namba ya idhini yenye herufi au tarakimu 6 iliyo kwenye risiti ya kwanza. Benki ikiwa na namba hiyo na kauli ya hoteli, huweza kuliondoa siku hiyo hiyo. Bila hiyo mtasubiri liishe muda wake, na kwa hoteli muda huo unaweza kufika siku 30.